Siku za pakiti zimeisha na mahindi bado mabichi: kutafuta kosa katika hesabu ya mavuno

Ikifika Julai, kwenye maduka ya pembejeo ya Kapchorwa na Bukwo, mashariki mwa Uganda, malalamiko ni yale yale: nimeuziwa mbegu feki. Pakiti iliandikwa siku 115, siku 115 zimepita, na hindi ukilimenya punje zinatoa maziwa. Lori limeshaagizwa, mashine ya kupukuchua imeshalipiwa kianzio, na aliyekukopesha anapiga simu. Mbegu feki zipo, hakuna anayebisha. Lakini mara nyingi mbegu ya mtu huyu ni nzuri kabisa, ila ametumia namba iliyopimwa kwenye joto la mahali pengine.

Nitashughulika na mahindi peke yake, kwa sababu ndiyo yanayowasumbua watu wa Sebei wenye shamba moja juu mlimani na jingine chini Ngenge. Mtu huyo hupanda mbegu ileile wiki ileile halafu hushangaa kuvuna kwa tofauti ya miezi. Tafuta dalili inayofanana na yako uanzie hapo, ingawa dalili ya kwanza ni vizuri kila mtu aisome, maana hesabu yake inatumika katika zote zinazofuata.

Dalili ya kwanza: shamba zima liko sawa, lina afya, ila limechelewa

Tazama kwanza usawa wa shamba. Kama mimea yote ina urefu unaokaribiana, mbelewele zilitoka ndani ya siku chache, na majani ni ya kijani mpaka chini, basi mbegu haina kosa. Mbegu feki, ambayo kwa kawaida ni nafaka ya sokoni iliyopakwa rangi, hujitambulisha kwa mchanganyiko: mmoja mrefu, mwingine mfupi, huu umetoa mbelewele na jirani yake bado. Ucheleweshaji uliolingana shamba zima ni kazi ya baridi.

Mahindi hayahesabu siku, yanahesabu joto. Chini ya nyuzi 10 za sentigredi yanasimama karibu kabisa. Juu ya hapo, kila nyuzi inayozidi 10 ndiyo inayofanya kazi ya kukuza. Siku yenye wastani wa nyuzi 22 inampa mmea nyuzi 12 za kazi. Siku yenye wastani wa nyuzi 17 inampa 7. Tofauti ya nyuzi 5 kwenye ngozi yako ni sweta tu, lakini kwa hindi ni karibu nusu ya mshahara wa siku.

Sasa rudi kwenye pakiti. Longe 5, ambayo wengi wanaiita Nalongo, ilitoka kwa watafiti wa Namulonge, wilaya ya Wakiso, kwenye mwinuko wa mita 1,150 hivi, ambako wastani wa joto la mwaka uko karibu nyuzi 22. Zile siku 115 ni siku za joto la namna hiyo. Zidisha 115 kwa 12 upate 1,380. Hiyo 1,380 ndiyo namba ya kubeba kwenda shambani kwako, kwa sababu mbegu itaidai popote utakapoipanda.

Joto la shamba lako utalipata kwa njia mbili. Ya haraka ni mwinuko: simu nyingi zinauonyesha, na kila mita 100 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 0.65. Shamba la mita 1,900 limeizidi Namulonge kwa mita 750, kwa hiyo tegemea nyuzi 17 kitu. Njia ya pili ni bora: kipimajoto kinachoweka alama ya juu kabisa na ya chini kabisa ya siku. Kitundike kivulini, usawa wa kifua, mbali na bati na ukuta. Jumlisha alama mbili, gawa kwa mbili. Ukifanya hivyo siku chache kila wiki unapata wastani wa mwezi unaotosha kwa kazi hii.

Tuchukue shamba la mfano. Liko mita 1,900, limepandwa Longe 5 tarehe 25 Machi, mvua ikaja siku hiyo hiyo. Ukihesabu siku 115 unafika tarehe 18 Julai, na ndiyo maana lori liliagizwa lije mwisho wa Julai. Kipimajoto lakini kinasema hivi: mwisho wa Machi wastani ni nyuzi 19, Aprili 18.5, Mei 18, Juni 17.5, Julai na Agosti 17 kwa sababu ya mawingu, Septemba 17.5. Toa 10 kwenye kila mwezi, zidisha kwa idadi ya siku zake, jumlisha unavyokwenda.

Siku 7 za Machi zinatoa 63. Aprili inaongeza 255, jumla 318. Mei inaongeza 248, jumla 566. Juni inaongeza 225, jumla 791. Mpaka tarehe 18 Julai una 917 tu, yaani theluthi mbili ya deni. Ndiyo sababu punje zinatoa maziwa. Malizia Julai uwe na 1,008, Agosti uwe na 1,225. Zimebaki 155, na kwa 7.5 kwa siku ni siku 21 za Septemba. Hindi hili linakomaa kwenye tarehe 21 Septemba, siku 180 tangu kupandwa.

Hapo niweke tahadhari. Kikomo cha nyuzi 10 ni kawaida ya hesabu. Wataalamu wengine wanatumia 8. Ukirudia hesabu ileile kwa 8, pande zote mbili, shamba letu linafika tarehe 7 Septemba. Kwenye nchi tambarare tofauti hiyo haionekani, ila kadiri shamba lilivyo la baridi ndivyo majibu mawili yanavyoachana. Kwa hiyo usimpe mwenye lori tarehe moja. Mwambie wiki ya kwanza mpaka ya tatu ya Septemba, na utapunguza upana huo baadaye nywele za mahindi zikitoka.

Asiyetaka kujumlisha mwezi kwa mwezi atumie kanuni hii ya mkato:

```
siku = siku za pakiti × (joto la pakiti − 10) ÷ (joto la shamba − 10)
```

Kwa wastani wa nyuzi 17.7 inatoa 115 × 12 ÷ 7.7, yaani siku 179. Karibu sawa na hesabu ndefu.

Kuna jambo hapa ambalo watu wa chini hawalijui na wa juu wanalilipia. Uganda iko kwenye ikweta, kwa hiyo tofauti ya joto kati ya mwezi na mwezi ni ndogo, pengine nyuzi moja au mbili. Masindi au Iganga, mwezi wa nyuzi 21 badala ya 22 unapunguza kazi kutoka 12 hadi 11, na mavuno yanasogea siku kama 10 endapo baridi hiyo itadumu msimu mzima. Kwenye shamba la nyuzi 17, kushuka kwa nyuzi moja ileile kunapunguza kazi kutoka 7 hadi 6, na msimu mzima wa namna hiyo unasogeza mavuno zaidi ya mwezi. Ndiyo maana Julai yenye ukungu mwingi haisikiki Iganga na inavuruga kila kitu Kapchorwa.

Kosa la kinyume nalo lipo. Mbegu za mlimani kutoka Kitale, Kenya, zinazovushwa mpakani Suam, kama H614, zimeandikiwa miezi 6 hadi 7, na namba hiyo ilipimwa kwenye baridi ya huko huko juu. Usiipige tena kwa kanuni ya hapo juu kana kwamba ilipimwa Namulonge, maana utajikuta umeandika miezi 10. Na usiishushe Ngenge ukitumaini joto litaifanya ya muda mfupi. Itapungua, lakini bado itazidi urefu wa mvua za huko, na itaunguzwa ikiwa inajaza punje.

Dalili ya pili: hesabu imekosea kwa wiki mbili au tatu, na shamba lina mimea ya rika mbili

Hapa tarehe ya kuanzia ndiyo mbovu. Uliweka mbegu kwenye vumbi ukisubiri mvua, au ilikuja mvua moja ikanyamaza. Kwenye daftari umeandika siku uliyofukia, ilhali mbegu ilianza kazi siku udongo ulipolowa. Mvua nyepesi inayolowesha juu tu huotesha mbegu zilizofukiwa juujuu na kuziacha zile za chini zisubiri mvua ya pili. Ndipo unapopata rika mbili kwenye mstari mmoja.

Dawa yake ni kuandika tarehe mbili: siku ya kufukia na siku ambayo nusu ya mashimo yameota. Nchi ya joto mahindi yanaota siku ya 5 hadi 7, na mlimani yanaweza kuchukua 10 au zaidi hata udongo ukiwa na maji ya kutosha. Kama pengo kati ya tarehe zako ni kubwa kuliko hapo, siku zilizozidi ziondoe kwenye hesabu, hazikuwa za mmea. Shamba la rika mbili lihesabie rika lenye mimea mingi. Ukiwahesabia wakubwa peke yao utavuna maji.

Dalili ya tatu: mbelewele zimetoka, nywele hazionekani

Ngenge na Karamoja, kiangazi cha katikati ya msimu kikiingia, joto liko juu na kanuni ya nyuzi inakuambia mavuno yanakaribia. Mmea unasema vingine. Majani yamejikunja kabla ya saa nne asubuhi na yanafunguka jioni tu. Hapo nyuzi za kazi zinahesabika kwenye karatasi lakini mmea hauzitumii, kwa sababu majani yaliyojikunja hayalishi.

Ukame wa kabla ya kuchanua huchelewesha nywele kuliko mbelewele. Kwenye shamba lenye maji, nywele hufuata chavua kwa siku moja hadi tatu. Kwenye ukame pengo linafika wiki na zaidi, na shamba zima linamwaga chavua kwa muda wa wiki moja hivi. Nywele zitakazotoka baada ya hapo hazina wa kuzichavusha.

Mimi simshauri mtu kubuni siku za kuongeza kwa ajili ya ukame wa kipindi hiki. Haziko sawa shamba kwa shamba; udongo wa mfinyanzi na wa mchanga unaweza kutofautiana kwa wiki nzima bondeni humo humo. Subiri nywele, kwa sababu siku nywele zinapoonekana kwenye nusu ya mimea ndiyo siku ya kufuta hesabu yote ya nyuma, pamoja na makosa yake yote, na kuanza upya. Mbegu ya siku 115 inakuwa imemaliza kama asilimia 54 ya deni lake. Kilichobaki ni nyuzi 635 hivi: siku 53 mahali pa nyuzi 22, siku kama 90 mahali pa nyuzi 17.

Jaribu hilo kwenye shamba letu la mfano. Asilimia 54 ya 1,380 ni 745, na jumla hiyo inafikiwa tarehe 24 Juni. Kama mwenye shamba aliziona nywele tarehe 24 Juni, hesabu yake ya Septemba imesimama. Kama aliziona tarehe 10 Juni, shamba lake lina joto kuliko alivyodhani, na tarehe 7 Septemba au hata mapema zaidi ndiyo ya kuamini. Akiziona tarehe 5 Julai, ajue mwenye lori ataambiwa mwanzoni mwa Oktoba.

Kabla ya kutegemea tarehe mpya, hakikisha kuna kitu cha kuvuna. Wiki moja baada ya nywele kutoka, chuma hindi changa, lichane maganda kwa urefu taratibu, ulishike kitako juu ulitikise. Nywele za punje iliyochavushwa huanguka, za punje tupu hubaki zimeshika. Gunzi likibaki na nywele tele, shamba hilo ni majani ya ng'ombe, na hakuna hesabu itakayolibadilisha.

Wenye maharage wasitumie kanuni hii ya nywele. Harage likipoteza maua kwa ukame hutoa mengine mvua ikirudi, ukapata maganda makavu na mabichi kwenye shina moja, na mavuno yanakuwa mawili.

Dalili ya nne: mahindi yamekauka kabla ya siku zake

Watu wengi wanaifurahia dalili hii, na ndiyo inayowanyima kilo nyingi kuliko zote. Ukame kabla ya nywele huongeza siku, lakini ukame baada ya nywele huzipunguza. Mmea ukiona maji yameisha hunyonya kilichomo kwenye shina na majani, hujaza punje kwa kadiri unavyoweza, kisha hufa. Maganda ni meupe, shamba linafanana na lililokomaa, lakini gunia linalojaa debe zilezile linakuwa jepesi mizanini.

Ili ujue hindi limekomaa au limekufa tu, chukua mahindi matano kutoka sehemu tofauti, yavunje katikati, toa punje za katikati ya gunzi. Kwangua kile kincha kilichoshika gunzi. Ukikuta tabaka jeusi kama kipande cha kucha kilichoungua, punje imefungwa na haipokei chakula tena. Kwa hindi lililofika lenyewe, punje ya katikati inakuwa imejaa, ngumu hadi kwenye ncha. Mmea uliokufa mapema nao hutoa tabaka jeusi, ila punje ni nyembamba, zina mikunjo, na zile za kichwani mwa gunzi ni ndogo au hazipo.

Ukikuta hakuna tabaka jeusi na shina bado lina kijani, usivune hata kama jirani anavuna. Ukikuta mashina yamekufa, hakuna cha kusubiri: vuna, kwa sababu kila siku ya ziada ni ya mchwa na ndege tu.

Kuna ukavu mwingine usiotokana na maji. Kama majani yanakauka kuanzia kingo kwenda ndani, maganda ya hindi yamekauka huku shina likiwa bado la kijani, na udongo una unyevu, huo ni ugonjwa, na ule wa kuua mahindi unaoletwa na virusi viwili kwa pamoja uwe wa kwanza kuushuku. Mwite afisa kilimo. Kama yanayokauka ni majani ya chini tu, kwa umbo la V kutoka ncha kufuata mshipa wa kati, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mavuno yatakuwa madogo, ila tarehe haitasogea sana.

Dalili ya tano: tabaka jeusi lipo, lakini mahindi hayawezi kupukuchuliwa

Hili ni suala la maana ya siku za pakiti. Zinaishia kwenye kukomaa. Siku hiyo punje bado ina maji asilimia 30 hadi 35, na mashine ya kupukuchua ikiitwa itaziponda. Ili upukuchue bila hasara subiri zishuke karibu 20 au chini ya hapo, na ghala linalofuata kiwango cha Afrika Mashariki halipokei zaidi ya 13.5.

Chini, kwenye jua na upepo, hindi lililosimama linaweza kupoteza karibu asilimia moja kwa siku, kwa hiyo ongeza wiki mbili kwenye tarehe yako. Mlimani Septemba bado kuna mvua, na kasi inaweza kuwa chini ya nusu ya hiyo. Ongeza mwezi. Shamba letu la mfano, lililoahidiwa Julai, litapukuchuliwa mwishoni mwa Oktoba, na huo ndio ukweli ambao mtu angepaswa kuupeleka Sako kabla ya kusaini mkopo.

Huwezi kuiondoa baridi, lakini wiki hizi za mwisho unaweza kuzipunguza. Tabaka jeusi likishaonekana hindi halihitaji shamba tena. Kata mabua uyasimamishe kwa mafungu ili hewa ipite, au vuna na maganda uyatoe nyumbani, uanike magunzi kwenye kichanja kilichoinuliwa chenye paa. Usiyamwage chini kwenye udongo hata kwa usiku mmoja, maana sumukuvu huanzia hapo.

Asiye na mashine ya kupima unyevu atumie chumvi. Chukua chupa ya kioo safi na kavu, weka punje mpaka robo ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, punje ziko juu ya asilimia 15, rudisha kichanjani. Isipoganda ziko chini ya hapo. Anika siku nyingine mbili za jua kamili kabla ya kufunga gunia, kwa sababu kutoka 15 mpaka 13.5 chupa haikuambii kitu.